P, QRS na T: maswali wanayouliza wanafunzi wa uuguzi kuhusu kusoma ECG

Majibu haya yanahusu mkanda mmoja tu: lidi II ya mtu mzima, karatasi ikikimbia kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde. Lidi nyingine kumi na moja zina mambo yake, lakini mwanafunzi anayeruka lidi II na kukimbilia lidi za kifuani hukwama mapema. Mwishoni kuna mgonjwa wa mfano ambaye P, QRS na T zake zote zimebadilika kwa sababu moja, na huyo ndiye tutakayekaa naye muda mrefu zaidi.

ECG inachora mapigo ya moyo au umeme?

Umeme peke yake. Seli ya msuli wa ventrikali ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kuliko nje kwa takriban milivolti 90. Ikichochewa, ayoni za sodiamu huingia kwa kishindo, na kwa muda mfupi ndani kunakuwa chanya. Mgeuko huo ndio depolarizesheni. Baadaye ayoni za potasiamu hutoka, seli inarudi ilikokuwa na kuwa tayari kuchochewa tena. Hiyo ni repolarizesheni. Elektrodi zilizobandikwa kwenye ngozi huokota jumla ya migeuko hiyo ya mamilioni ya seli.

Msuli hujikaza baada ya kuchochewa. Umeme hutangulia, mkazo hufuata, na kwa kawaida viwili hivi vinakwenda pamoja kiasi kwamba tunasahau kuvitenganisha. Lakini vinaweza kuachana. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi sana anaweza kuwa na QRS nadhifu kwenye monita huku ukigusa mshipa wa shingoni usikute mpigo wowote. Huyo moyo wake umesimama, na anahitaji kukandamizwa kifua, hata kama skrini inaonekana shwari. Kwa hiyo kabla ya kuusoma mkanda wowote, mtazame mgonjwa na umguse mpigo.

Kwa nini wimbi huelekea juu au chini?

Kanuni ni moja. Depolarizesheni ikisafiri kuelekea elektrodi chanya, kalamu hupanda. Ikisafiri kwa kuipa mgongo, kalamu hushuka. Ikipita kwa kuikata kipembeni, wimbi huwa dogo, au hupanda na kushuka kwa kiasi kinacholingana.

Lidi II hutazama kutoka mkono wa kulia kwenda mguu wa kushoto, na upande wake chanya uko mguuni. Moyo wenye afya huanza kuchochewa juu kulia, ilipo nodi ya SA, kisha umeme huteremka kuelekea chini kushoto. Yaani umeme unaifuata lidi II karibu njia yote, na ndiyo maana P, QRS na T zote husimama wima kwenye lidi hiyo. Lidi aVR inautazama moyo kutoka bega la kulia, kwa hiyo kwake umeme unaondoka, na mawimbi yote matatu huwa yamepinduka. Ukiona P iliyosimama kwenye aVR na kupinduka kwenye lidi I, shuku kwanza kwamba elektrodi za mikono miwili zimebadilishana nafasi. Rudi kitandani, zikague, upige ECG upya.

Visanduku vya karatasi vinasomwaje?

Kwenda kulia ni muda, kwenda juu ni nguvu ya umeme. Kisanduku kidogo kina milimita 1, sawa na sekunde 0.04. Vitano vinafanya kisanduku kikubwa, sekunde 0.20. Visanduku vikubwa vitano ni sekunde moja kamili. Kwa wima, milimita 10 ni milivolti 1.

Hesabu hizi ni halali tu kama mashine imewekwa hivyo. Tazama ukingo wa chini wa karatasi: lazima paandikwe `25 mm/s` na `10 mm/mV`. Mashine ikiwa kwenye `50 mm/s`, kila kitu kinatanuka mara mbili, na QRS ya kawaida kabisa itaonekana pana. Ikiwa kwenye `20 mm/mV`, T ya kawaida itaonekana ndefu ya kutisha. Ni sekunde tatu za kutazama zinazoweza kuokoa saa nzima ya taharuki.

Wimbi la P linawakilisha nini?

Depolarizesheni ya atria, vile vyumba viwili vya juu. Nodi ya SA yenyewe ni ndogo mno, na umeme wake hauonekani kwenye karatasi. Tunachokiona ni msuli wa atria ukiitikia, wa kulia ukitangulia kidogo na wa kushoto ukimalizia. Kwa hiyo nusu ya mwanzo ya P inatoka zaidi atria ya kulia na nusu ya mwisho atria ya kushoto.

Kwenye lidi II, P ya kawaida ni mviringo laini, mfupi, usiozidi milimita 2.5 kwenda juu, na upana wake hauzidi visanduku vidogo vitatu. Atria ya kulia ikitanuka, P hurefuka na kuchongoka. Ya kushoto ikitanuka, P huwa pana na mara nyingi hupata nundu mbili.

Kwa muuguzi, maswali matatu kuhusu P yanatosha kwa kuanzia. Ipo? Imesimama kwenye lidi II? Kila P inafuatwa na QRS, na kila QRS imetanguliwa na P? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, moyo unaongozwa na nodi ya SA. Kama P hazipo kabisa, mstari wa msingi unatetemeka, na QRS zinakuja bila mpangilio wowote, fikiria fibrilesheni ya atria: atria hazichochewi kwa pamoja tena, kila kipande kinajichochea kivyake.

Kwa nini kuna mstari tulivu kati ya P na QRS?

Kwa sababu umeme umefika nodi ya AV na unapita polepole. Nodi hiyo inauchelewesha kwa makusudi ili atria zipate nafasi ya kumimina damu kwenye ventrikali kabla ventrikali hazijajikaza. Wakati huo nodi ya AV, fungu la His na matawi yake yote yanafanya kazi, ila seli zake ni chache kiasi kwamba karatasi haionyeshi kitu.

Muda huu tunaupima kuanzia mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, na tunauita PR. Wanafunzi wengi huupima kuanzia mwisho wa P, wakapata jibu fupi mno. P yenyewe imo ndani ya kipimo. Kawaida ni sekunde 0.12 hadi 0.20, yaani visanduku vidogo vitatu hadi vitano. Ukizidi vitano, umeme unacheleweshwa kupita kiasi njiani, mara nyingi kwenye nodi ya AV.

QRS inawakilisha nini, na kwa nini ni kubwa lakini nyembamba?

Ni depolarizesheni ya ventrikali. Ni kubwa kwa sababu ventrikali zina msuli mwingi kuliko atria, hasa ya kushoto, ambayo ukuta wake ni mnene.

Unyembamba ndio wenye habari zaidi. Ungetarajia msuli mwingi uchukue muda mrefu kuchochewa, lakini QRS ya kawaida humalizika chini ya sekunde 0.12, yaani haifikii visanduku vidogo vitatu. Sababu ni nyuzi za Purkinje, zinazosambaza umeme kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko msuli wa kawaida wa moyo. Ventrikali zote mbili hupata taarifa karibu kwa wakati mmoja, zikajikaza kwa pamoja.

Kwa hiyo QRS nyembamba inakuambia kwamba umeme ulitoka juu, ukapitia njia rasmi. QRS pana inakuambia kwamba sehemu ya safari imefanyika seli kwa seli, taratibu. Labda tawi moja la fungu la His limeziba, labda mpigo umeanzia ndani ya ventrikali yenyewe, au labda seli zote za moyo zimedhoofika na kupitisha umeme kwa shida, kama utakavyoona kwa mgonjwa wetu. Ukiona upana, usiridhike kuandika "QRS pana". Uliza umeme ulipitia wapi, na unasafiri ndani ya nini.

QRS ya mgonjwa wangu haina Q. Ni tatizo?

Hapana. Herufi hizo ni majina ya mwelekeo. Mshuko wa kwanza kabla ya kupanda ni Q, mpando wa kwanza ni R, mshuko baada ya R ni S. Kundi zima huitwa QRS hata likiwa na R peke yake. Q ndogo nyembamba kwenye baadhi ya lidi ni ya kawaida. Q pana na yenye kina inaweza kuwa alama ya kovu la msuli uliokufa, ila hiyo huamuliwa kwa kutazama lidi kadhaa zinazopakana, si huu mkanda mmoja.

Wimbi la T ni nini?

Ni repolarizesheni ya ventrikali, ule wakati seli zinaporudi kwenye utulivu ili ziweze kuchochewa tena. QRS ikiisha, ventrikali yote imechochewa, hakuna tofauti kubwa ya umeme kati ya sehemu na sehemu, na kalamu hurudi kwenye mstari wa msingi. Kipande hicho tulivu ni ST. Kwa mgonjwa mwenye maumivu ya kifua hapo ndipo macho ya kila mtu hukimbilia, kwa sababu ST iliyopanda inaweza kumaanisha mshipa wa moyo umeziba, na ECG ya lidi 12 lazima ipigwe na ionyeshwe kwa daktari bila kungoja. Baada ya ST, T inainuka.

T ni pana kuliko QRS kwa sababu repolarizesheni haina barabara ya kasi. Kila seli inarudi kwa muda wake. Ndiyo maana T ya kawaida hailingani pande zake mbili: hupanda taratibu na kushuka kwa haraka zaidi. Lishike umbo hili kichwani, maana T inapougua, mara nyingi umbo hubadilika kabla ya urefu kukushtua. Kwenye lidi za mikono na miguu, lidi II ikiwemo, T kwa kawaida haizidi milimita 5.

Mwanafunzi makini huuliza: kama depolarizesheni na repolarizesheni ni vitendo vinavyopingana, kwa nini T haijapinduka kuikabili QRS? Jibu liko kwenye mpangilio. Depolarizesheni ya ukuta wa ventrikali huanzia ndani kwenda nje, kwa kuwa nyuzi za Purkinje ziko upande wa ndani. Ila seli za nje, ingawa huchochewa mwisho, muda wao wa kuchochewa ni mfupi, kwa hiyo ndizo hutangulia kurudi kwenye utulivu. Repolarizesheni basi husafiri kutoka nje kwenda ndani. Kitendo kimegeuzwa na mwelekeo nao umegeuzwa. Vigeuzi viwili vinafutana, na T husimama upande uleule wa QRS.

Repolarizesheni ya atria iko wapi?

Ipo, lakini ni dhaifu, na hutokea takriban wakati QRS inapochorwa, kwa hiyo humezwa. Huna haja ya kuitafuta.

Nihesabuje mapigo kwa dakika?

Mdundo ukiwa sawasawa, hesabu visanduku vikubwa kati ya R moja na R inayofuata, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Visanduku vinne ni 75, vitano ni 60, sita ni 50. Mdundo usipokuwa sawasawa, njia hiyo hudanganya, kwa kuwa kila nafasi itakupa jibu lake. Hapo chukua mkanda wa sekunde 10, hesabu QRS zote, uzidishe kwa 6. Na kwa mgonjwa wa fibrilesheni ya atria, hesabu pia mpigo wa mkononi kwa dakika nzima: mapigo mengine ni hafifu kiasi kwamba hayafiki kwenye kiganja.

Naomba mfano mmoja unaotumia P, QRS na T kwa pamoja.

Huyu ni mgonjwa wa kufundishia. Mwanamume wa miaka 58, figo zake hazifanyi kazi, husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Amekosa vipindi viwili. Amefika akilalamika kwamba miguu haina nguvu, kifua hakimuumi. Mpigo wa mkononi ni taratibu. Unapiga ECG, mashine iko `25 mm/s` na `10 mm/mV`. Kwa bahati nzuri faili lake lina ECG ya miezi kadhaa iliyopita, kwa hiyo unaziweka mbili sambamba. (Tafuta ECG ya zamani kila mara. Hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko hicho.)

Unaanza na kasi. Kati ya R na R kuna visanduku vikubwa sita: mapigo 50 kwa dakika, yamepangika.

Kisha P. Kwenye ECG ya zamani ilikuwa mviringo wa milimita 2. Sasa imelala, pana, inakaribia kuzama kwenye mstari wa msingi. Inabidi uinamishe karatasi kwenye mwanga ili uione.

PR, kuanzia mwanzo wa P hiyo hafifu, ni visanduku vidogo sita, sekunde 0.24. Zamani ilikuwa 0.16.

QRS ni visanduku vidogo vinne, sekunde 0.16. Zamani ilikuwa viwili, sekunde 0.08.

T ndiyo inayopiga kelele. Ina urefu wa milimita 11, ncha imechongoka, kitako chembamba, pande mbili zinalingana kama hema lililosimikwa vizuri. Zamani ilikuwa milimita 4, ikipanda taratibu na kushuka haraka.

Ukitazama kila badiliko peke yake, kila moja lina orodha ndefu ya sababu. Ukiyatazama pamoja, kwa mtu mwenye figo zisizofanya kazi aliyekosa kusafishwa damu, sababu inayotangulia ni moja: potasiamu imejaa kwenye damu. Hungoji jibu la maabara ndipo useme. Unamwita daktari sasa, na maneno yako yanaweza kuwa haya: "Daktari, mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu mara mbili, mapigo 50, P karibu haionekani, QRS sekunde 0.16, T zimechongoka. ECG yake ya zamani ilikuwa kawaida. Nahofia potasiamu." Sentensi kama hizo humfanya daktari aje mbio. "ECG yake si nzuri" haimfanyi hivyo.

Wakati anakuja, mgonjwa yuko kwenye monita, mashine ya kushtua moyo iko karibu, mshipa umepatikana, na damu ya kupima potasiamu imetolewa kwa uangalifu. Sindano nyembamba mno au kuvuta damu kwa nguvu hupasua seli nyekundu, potasiamu iliyomo ndani yake ikamwagika kwenye sampuli na kukupa jibu la juu la uongo. Kwa huyu wetu jibu linarudi milimoli 7.4 kwa lita, na ECG inathibitisha kwamba si uongo wa sampuli.

Kwa nini potasiamu moja ilibadilisha mawimbi yote matatu?

Potasiamu ikizidi nje ya seli, ule uhasi wa ndani unapungua. Seli inapumzika karibu zaidi na sifuri kuliko inavyopaswa. Katika hali hiyo, sehemu ya milango ya sodiamu hubaki imefungwa na haiwezi kufunguka. Uchochezi ukija, sodiamu inayoingia ni kidogo, mgeuko unakuwa wa uvivu, na umeme unatambaa kutoka seli hadi seli. Kila kinachotegemea mwendo wa umeme kinatanuka: P inapanuka, PR inarefuka, QRS inapanuka.

Msuli wa atria hudhurika mapema kuliko wa ventrikali, ndiyo maana P huanza kufifia wakati QRS bado inajikongoja. Hali ikiendelea, P hupotea kabisa, QRS hupanuka mpaka ikaungana na T, na mkanda unakuwa mawimbi makubwa ya kupanda na kushuka yasiyo na kona. Ukiufikia mkanda huo, moyo uko karibu kusimama.

T ina hadithi tofauti. Potasiamu nyingi nje ya seli huifanya milango ya potasiamu ipitishe zaidi, hivyo seli zinarudi kwenye utulivu haraka na karibu kwa pamoja. Kile kitendo kilichokuwa kikifanyika kwa kusuasua sasa kinafanyika kwa mkupuo, na T inakuwa nyembamba, ndefu, yenye pande zinazolingana.

Hata hivyo, mpangilio huu, yaani T kwanza, kisha P na PR, kisha QRS, ni wa vitabuni. Wagonjwa hawaufuati kwa uaminifu. Kuna mwenye potasiamu ya juu sana na ECG isiyo na dosari ya kuonekana, hasa kama imepanda taratibu kwa muda mrefu. ECG ikionyesha dalili hizi, ziamini. Isipozionyesha, haijakuhakikishia chochote kuhusu potasiamu.

Amepewa kalsiamu na QRS imerudi. Je, potasiamu imeshuka?

Haijashuka hata kidogo. Kalsiamu glukoneti inayopitishwa kwenye mshipa taratibu, chini ya monita, huituliza seli ya moyo ili iweze kuchochewa vizuri licha ya potasiamu kuwa juu. Matokeo huonekana ndani ya dakika chache: kwa mgonjwa wetu QRS inarudi visanduku vidogo viwili na nusu, na P inaanza kujitokeza. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 60. QRS ikianza kupanuka tena ndani ya muda huo, mwambie daktari, kwani dozi huenda ikahitajika kurudiwa.

Kuna mambo mawili ya mkono wa muuguzi hapa. Kagua mara kwa mara sehemu sindano ilipoingia, kwa sababu kalsiamu ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Na usiipitishe kwenye mpira mmoja na sodiamu baikaboneti, maana vikikutana huganda kuwa chembe.

Insulini pamoja na glukosi ndiyo inayoisukuma potasiamu irudi ndani ya seli, na hapo unapima sukari mara kwa mara kwa saa kadhaa, kwani insulini inaweza kuendelea kufanya kazi wakati glukosi imekwisha. Kuitoa potasiamu mwilini kabisa, kwa mtu asiye na figo, kunahitaji kusafishwa damu.

Nitajuaje kwamba nilichokiona ni mtetemo tu wa mgonjwa?

Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi au anayepiga mswaki anaweza kuchora mkanda unaofanana na fibrilesheni ya ventrikali. Mtazame: mwenye fibrilesheni ya ventrikali hawezi kukujibu. Kwenye karatasi, fuata R kwa kutumia kipande cha karatasi chenye alama mbili. Kama katikati ya vurugu bado kuna vilele vinavyotokea kwa nafasi ileile vilivyokuwa navyo kabla, moyo unaendelea na kazi yake chini ya kelele. Mfunike, mwambie alegeze mikono, badilisha elektrodi zilizokauka, kausha jasho, upige tena.

Mashine imeandika `Normal ECG`, na monita imeandika 100. Niamini kipi?

Amini visanduku na kidole chako. Mashine hutafuta vilele. Rudi kwa mgonjwa wetu wa potasiamu: T yake ni ndefu na imechongoka kama R, kwa hiyo monita inaweza kuihesabu kama QRS na kuandika mapigo 100 kwa mtu mwenye mapigo 50. Ukimwandikia 100 kwenye chati, umeficha dalili mojawapo ya hatari. Monita ikikupa namba ambayo ni kama mara mbili ya mpigo wa mkononi, chapisha mkanda na uhesabu mwenyewe, kisha ibadilishe monita itumie lidi ambayo R yake ni ndefu na T yake ni fupi. Kwenye chati andika mpigo uliouhesabu kwa kidole, na ubandike mkanda pembeni yake.